Vali ya kimitambo ya moyo katika ujauzito

Vali ya kimitambo ya moyo katika ujauzito ni hali ya mwanamke mjamzito ambaye moja ya vali za moyo wake, au zaidi, ilitolewa kwa upasuaji na kubadilishwa kwa vali bandia iliyotengenezwa kiwandani. Watu wengi huiita vali (au valvu) ya chuma. Mtu mwenye vali hiyo hulazimika kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa maisha yake yote. Dawa inayomlinda vizuri zaidi, warfarini, hupita kwenye kondo la nyuma na inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Dawa isiyomfikia mtoto, heparini, humlinda mama kwa uhakika mdogo zaidi. Hakuna njia iliyo salama kabisa kwa wote wawili, na uchaguzi mgumu zaidi huwa katika wiki chache tu, kuanzia ya 6 hadi ya 12 ya ujauzito.

Katika Afrika ya Mashariki sababu kubwa ya vijana kuwekewa vali bandia ni ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. Homa hiyo hufuata maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria wa aina ya streptokoki. Huanza utotoni na kuharibu vali polepole, hasa vali ya mitrali iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Kwa hiyo wengi wanaofanyiwa upasuaji huo, kwa mfano katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam au Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala, ni wasichana na wanawake ambao bado wana miaka mingi ya kuzaa mbele yao.

## Kwa nini vali inahitaji dawa

Vali ya asili imefunikwa na tabaka laini la seli ambalo damu hupita juu yake bila kuganda. Vali ya kimitambo haina tabaka hilo. Aina inayotumika zaidi leo ina pete iliyoshonewa ndani ya moyo na visahani viwili vya kaboni ngumu vinavyofunguka na kufunga kwa kila pigo la moyo. Damu hugusa kitu kigeni, na katika bawaba za visahani kuna pembe ndogo ambamo damu huzunguka polepole. Hapo ndipo bonge la damu linapoanza.

Bonge hilo linaweza kufanya mambo mawili. Linaweza kumeguka na kusafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Au linaweza kukua palepale na kukwamisha visahani, hata vali ikashindwa kufunguka. Hali hii ya pili huitwa kuziba kwa vali, na inaweza kuua kwa saa chache.

Hatari si sawa kwa vali zote. Vali ya mitrali huganda kwa urahisi zaidi kuliko vali ya aota, kwa sababu damu hupita hapo kwa kasi ndogo na msukumo mdogo. Vali za miundo ya zamani, kama ile ya kitunga na mpira ya Starr-Edwards iliyoanza kutumika mwaka 1960, huganda zaidi kuliko zile za visahani viwili.

Ujauzito wenyewe huongeza hatari hiyo. Mwili wa mjamzito hujiandaa kwa damu itakayotoka wakati wa kujifungua: ini huongeza protini za kugandisha damu, na baadhi ya protini zinazozuia kuganda hupungua. Kwa mwanamke mwenye moyo mzima hayo ni kinga. Kwa mwenye vali ya kimitambo maana yake ni kwamba dawa inapaswa kufanya kazi kubwa zaidi kuliko kawaida, na katika kipindi hichohicho ndipo inapofikiriwa kubadilishwa.

## Warfarini

Warfarini ni kidonge kinachomezwa mara moja kwa siku. Asili yake ni utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na kundi la Karl Paul Link kuhusu ng'ombe waliokufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu yaliyoharibika. Kwanza iliuzwa kama sumu ya panya, mwishoni mwa miaka ya 1940, kisha ikaanza kutumika kama dawa ya binadamu katika miaka ya 1950.

Dawa hii huzuia ini lisitumie vitamini K. Bila vitamini hiyo, protini kadhaa za kugandisha damu hutengenezwa zikiwa na kasoro na haziwezi kufanya kazi. Nguvu ya dawa hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR. Kwa mtu asiyetumia dawa INR huwa karibu na 1. Mwenye vali ya kimitambo ya mitrali kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Ikiwa chini ya hapo damu inaganda mno; ikiwa juu sana, mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani ya mwili.

Kiasi cha vidonge kinachohitajika kufikia INR hiyo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Mmoja hutosheka na miligramu 3 kwa siku, mwingine huhitaji 8. Sababu ni urithi, uzito, dawa nyingine na chakula. Mboga za majani kama mchicha, kisamvu na sukuma wiki zina vitamini K nyingi, hivyo mgonjwa hashauriwi kuziacha bali kula kiasi kisichobadilikabadilika.

### Madhara kwa mtoto

Molekuli ya warfarini ni ndogo na hupita kwenye kondo la nyuma bila shida. Mtoto hupokea dawa ileile ambayo mama amemeza, lakini ini lake ni changa na lina akiba ndogo ya vitamini K. Kwa hiyo damu ya mtoto huwa nyepesi kuliko ya mama, hata kama INR ya mama ni ile inayotakiwa.

Madhara hutegemea wakati. Kati ya wiki ya 6 na ya 12, mifupa na gegedu za mtoto zinaanza kujengwa. Protini inayozuia madini ya chokaa yasijikusanye katika gegedu inahitaji vitamini K. Ikikosekana, chokaa hutua mahali pasipofaa na gegedu huacha kukua. Dalili inayojulikana zaidi ni pua iliyobonyea na nyembamba, ambayo inaweza kumfanya mtoto mchanga apumue kwa shida. Dalili nyingine ni madoa ya chokaa kwenye ncha za mifupa, yanayoonekana kwa eksirei. Wakati mwingine viungo huwa vifupi.

Baada ya wiki ya 12 hatari ya kasoro hizo hupungua sana, lakini haimaanishi kwamba mtoto yuko salama. Kwa kuwa damu yake haigandi vizuri, anaweza kuvuja damu kwenye ubongo wakati wowote hadi kuzaliwa. Warfarini pia huongeza uwezekano wa mimba kutoka au mtoto kufia tumboni.

### Mpaka wa miligramu 5

Mwaka 1999 madaktari wa Napoli, Italia, walichapisha uchunguzi wa wanawake 43 wenye vali za kimitambo waliopata mimba 58 huku wakiendelea na warfarini. Matatizo ya watoto yalikuwa mengi kwa akina mama waliohitaji zaidi ya miligramu 5 kwa siku, na machache kwa waliohitaji 5 au pungufu. Kilicholeta tofauti ni wingi wa vidonge na si INR, kwa kuwa mtoto hupokea dawa yenyewe, hata INR ya mama iweje.

Tangu hapo mpaka huo umeingia katika miongozo ya matibabu ya Ulaya na Marekani. Hata hivyo haupaswi kusomwa kama ukuta. Chini ya miligramu 5 kasoro za mifupa ni nadra lakini zipo, na mimba kutoka hutokea pia.

## Heparini

Heparini iligunduliwa mwaka 1916 na Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Hadi leo hutolewa hasa katika utumbo wa nguruwe. Molekuli zake ni kubwa na zina chaji nyingi za umeme, hivyo haziwezi kupenya kondo la nyuma. Mtoto hapati dawa hiyo hata kidogo. Haiwezi kumezwa, kwa kuwa haifyonzwi na utumbo. Hutolewa kwa sindano tu.

Kuna aina mbili. Heparini ya kawaida huingizwa kwenye mshipa kwa dripu hospitalini. Hufanya kazi mara moja, na ikisimamishwa nguvu yake hupotea ndani ya saa chache. Heparini ya molekuli ndogo, ambayo enoksaparini ndiyo inayojulikana zaidi, huchomwa chini ya ngozi ya tumbo mara mbili kwa siku, na mgonjwa anaweza kujifunza kujichoma mwenyewe nyumbani.

Udhaifu wa enoksaparini katika ujauzito ni kwamba kiasi kilichotosha wiki iliyopita huenda kisitoshe wiki hii. Figo za mjamzito huchuja damu kwa kasi kubwa na kuitoa dawa upesi. Maji ya damu huongezeka na kuizimua. Kiasi kinachokadiriwa kwa uzito, yaani miligramu 1 kwa kila kilo kila baada ya saa 12, ni pa kuanzia tu. Baada ya hapo nguvu ya dawa inapaswa kupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho anti-Xa, kinachochukuliwa saa 4 hadi 6 baada ya sindano. Lengo kwa vali ya mitrali ni kati ya 1.0 na 1.2, na kipimo hurudiwa kila wiki. INR haionyeshi chochote kuhusu dawa hii.

Umuhimu wa kipimo hicho ulijulikana kwa gharama kubwa. Katika utafiti mmoja uliofanyika Afrika Kusini, wajawazito wenye vali za kimitambo walipewa enoksaparini kwa kufuata uzito wao. Kati ya wanawake 8 waliopewa dawa hiyo, 2 walipata mabonge yaliyoziba vali, wakafa pamoja na watoto wao. Utafiti ulisimamishwa, na mwaka 2002 onyo likatolewa kuhusu matumizi ya dawa hiyo kwa wanawake wa aina hii.

## Mtanziko wa wiki ya 6 hadi ya 12

Njia kuu zinazotumika ni tatu. Ya kwanza ni kuendelea na warfarini hadi karibu na kujifungua. Ya pili ni kuiacha kuanzia wiki ya 6 hadi ya 12, kutumia heparini katika wiki hizo, kisha kurudi kwenye vidonge. Ya tatu ni kutumia enoksaparini kwa ujauzito wote.

Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2000 yalilinganisha njia mbili za kwanza. Waliobaki na warfarini walipata mabonge katika asilimia 3.9 ya mimba, na asilimia 6.4 ya watoto waliozaliwa hai walikuwa na kasoro. Waliobadilisha na kutumia heparini katika wiki ya 6 hadi ya 12 walipata mabonge katika asilimia 9.2 ya mimba, lakini kasoro zinazotokana na warfarini hazikuonekana pale heparini ilipoanza kabla au mwanzoni mwa wiki ya 6. Kwa maneno mengine, hatari aliyoondolewa mtoto ilihamia kwa mama.

Mambo mawili hufanya hesabu hiyo iwe ngumu zaidi. La kwanza ni kwamba mama akifa mapema katika ujauzito, mtoto naye hufa. Kumlinda mtoto kwa kudhoofisha kinga ya mama si lazima kuwe faida kwa mtoto. La pili ni kwamba hatari kubwa imo katika mabadiliko yenyewe. Daftari la kimataifa la wajawazito wenye ugonjwa wa moyo, lililochapisha matokeo yake mwaka 2015, lilifuatilia wanawake 212 wenye vali za kimitambo. Vali iliziba kwa 10 kati yao. Watano kati ya hao 10 walizibiwa katika miezi mitatu ya kwanza, na wote watano walikuwa wamehamishiwa heparini. Katika daftari hilo ni asilimia 58 tu ya wanawake waliojifungua mtoto hai bila tatizo zito.

Miongozo ya leo huutumia mpaka wa miligramu 5 kama njia panda. Anayehitaji miligramu 5 au pungufu hushauriwa kufikiria kuendelea na warfarini. Anayehitaji zaidi ya hapo hushauriwa kufikiria heparini katika wiki ya 6 hadi ya 12, kwa sharti kwamba kipimo cha anti-Xa kinapatikana kila wiki. Pasipo na kipimo hicho, enoksaparini haipendekezwi. Zinazobaki ni warfarini, au heparini ya dripu kwa kulazwa. Katika hospitali nyingi zilizo mbali na miji mikubwa sharti hilo ndilo linaloamua, kabla hata ya takwimu. Uamuzi wa mwisho ni wa mwanamke mwenyewe baada ya kuelezwa pande zote mbili.

Dawa mpya za kumeza za kuzuia damu kuganda, kama dabigatrani, si suluhisho. Jaribio la dabigatrani kwa watu wenye vali za kimitambo lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu mabonge na kuvuja damu vilizidi vile vya warfarini. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013.

## Mfano

Mfano huu wa kubuni unaonyesha jinsi hatua zinavyofuatana. Mwanamke wa miaka 27 mwenye vali ya kimitambo ya mitrali anatumia warfarini miligramu 7 kwa siku, na INR yake ni 3.0. Ana uzito wa kilo 62. Siku zake zinachelewa kidogo, anapima mkojo mara moja na kukuta ana mimba. Kwa kuwa wiki za ujauzito huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, tayari yuko katika wiki ya 5. Ana siku chache tu za kuamua.

Anaelezwa kwamba akiendelea na miligramu 7, vali yake italindwa vizuri lakini hatari kwa mtoto ni kubwa kuliko kwa anayetumia 5. Akibadilisha, hatari ya vali kuziba inaongezeka, ila hospitali anakotibiwa inaweza kupima anti-Xa. Anachagua kubadilisha, na analazwa kwa siku za mwanzo.

Warfarini inasimamishwa. Nguvu yake huisha polepole kwa siku kadhaa, hivyo INR inapimwa kila siku. Inaposhuka chini ya 2.5 sindano zinaanza: enoksaparini miligramu 60 kila baada ya saa 12. Baada ya sindano chache, damu inachukuliwa saa 4 baada ya kuchomwa. Anti-Xa ni 0.74, yaani chini ya lengo, ingawa kiasi kilikuwa sahihi kwa uzito wake. Inaongezwa hadi miligramu 70 na kipimo kinapanda hadi 1.05. Anaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa amejifunza kujichoma, na anarudi kila wiki.

Katika wiki ya 10 uzito wake haujabadilika, lakini anti-Xa imeshuka hadi 0.85. Sababu ni figo zinazofanya kazi kwa kasi zaidi. Dozi inapandishwa hadi miligramu 80. Kama angepimwa mara moja tu mwanzoni, upungufu huo usingejulikana.

Wiki ya 12 inapokwisha anarudi kwenye warfarini miligramu 7. Sindano haziachwi siku hiyo, kwa kuwa vidonge huchukua siku kadhaa kufanya kazi. Anatumia dawa zote mbili pamoja hadi INR ifike 2.5 au zaidi, ndipo sindano zinapokoma. Karibu na wiki ya 20 anafanyiwa ultrasaundi ya kina ya mtoto ili kuangalia pua, uti wa mgongo na ubongo.

Kama mwanamke huyo angehitaji miligramu 4 badala ya 7, huenda ushauri ungekuwa kuendelea na vidonge katika wiki zote hizo. Na kama angegundua ujauzito katika wiki ya 11, kubadilisha dawa kungemletea hatari yote ya mabadiliko huku sehemu kubwa ya kipindi cha madhara kwa mtoto ikiwa imeshapita.

## Kujifungua

Mtanziko hurudi mwishoni mwa ujauzito kwa sura nyingine. Mama anaweza kupewa vitamini K au protini za damu ili damu yake igande, na ikawa hivyo kwa muda mfupi. Damu ya mtoto haifuati kasi hiyo; huweza kubaki nyepesi kwa zaidi ya wiki moja baada ya mama kuacha warfarini. Mtoto huyo akipita njia ya kawaida, kichwa chake hubanwa na mishipa midogo ya ubongo inaweza kupasuka. Kwa sababu hiyo, uchungu ukianza wakati mama bado anatumia warfarini, kwa kawaida mtoto hutolewa kwa upasuaji, ingawa upasuaji nao ni hatari ya kuvuja damu kwa mama.

Ili kuepuka hali hiyo, warfarini husimamishwa katika wiki ya 36 na mama hurudi kwenye heparini. Siku ya kujifungua hupangwa. Angalau saa 36 kabla, enoksaparini hubadilishwa kuwa heparini ya dripu, ambayo inaweza kuzimwa kwa wakati unaotakiwa. Dripu husimamishwa saa 4 hadi 6 kabla ya mtoto kutarajiwa kutoka. Ikiwa hakuna damu nyingi inayotoka, huanzishwa tena saa 4 hadi 6 baadaye. Sindano ya ganzi ya uti wa mgongo haichomwi dawa ingali na nguvu, kwa kuwa damu ikivuja hapo inaweza kubana neva na kuleta kupooza.

Warfarini huanzishwa upya katika siku zinazofuata, na heparini huendelea hadi INR ifikie lengo. Siku hizo za mwanzo ni za hatari kwa pande zote mbili: mji wa mimba bado unaweza kutoa damu, na vali bado inaweza kuziba. Kunyonyesha hakuzuiwi. Warfarini haiingii katika maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto, na heparini vilevile.

## Dalili za vali kuziba

Vali ya kimitambo hutoa mlio mdogo kama wa saa kila inapofunga, na wagonjwa wengi huuzoea. Mlio ukififia au kupotea, ni ishara kwamba visahani havitembei vizuri. Dalili nyingine ni kuishiwa pumzi, kushindwa kulala chali, kikohozi chenye povu, kizunguzungu, au dalili za kiharusi kama mdomo kupinda na mkono kuishiwa nguvu.

Tatizo ni kwamba kuhema na uchovu ni vya kawaida kwa wajawazito wengi, hivyo dalili za vali zinaweza kupuuzwa na mgonjwa au na kliniki. Kinachosaidia kutofautisha ni kasi: pumzi inayobadilika ndani ya siku chache, hasa katika wiki za kubadilisha dawa au baada ya kukosa sindano, huhesabiwa kuwa ni vali hadi ithibitishwe vinginevyo. Kipimo kinachotumika ni ultrasaundi ya moyo, inayoonyesha kama damu inapita kwa kubanwa.

Vali ikiziba, matibabu ni heparini ya dripu, dawa za kuyeyusha bonge, au upasuaji wa dharura. Dawa za kuyeyusha bonge zinaweza kuleta uvujaji wa damu. Upasuaji wa moyo kwa mjamzito huhitaji mashine ya kusukuma damu, na watoto wengi hawavumilii hali hiyo.

## Kabla ya ujauzito

Kwa kuwa wiki ya 6 hufika mara tu baada ya mwanamke kugundua ana mimba, uamuzi mzuri ni ule uliofanywa kabla. Mwanamke anayejua mapema kiasi chake cha warfarini, njia atakayofuata na hospitali yenye vipimo ana muda wa kutenda. Anayependa kuzaa hushauriwa kupima mimba mara tu siku zinapochelewa. Hashauriwi kuacha warfarini mwenyewe kwa kuhofia mtoto, kwani kuacha bila heparini humwacha bila kinga yoyote. Asiyetaka kuzaa huhitaji njia ya uzazi wa mpango isiyoongeza mabonge; vidonge vyenye homoni ya estrojeni havifai kwake.

Swali hili huanza hata kabla ya upasuaji wa moyo. Msichana anaweza kuwekewa vali ya tishu, inayotokana na nguruwe au ng'ombe, ambayo kwa kawaida haihitaji warfarini ya kudumu. Ujauzito wake utakuwa rahisi zaidi. Lakini vali ya tishu huchakaa haraka kwa vijana, mara nyingi ndani ya miaka 10 hadi 15, na upasuaji wa pili huwa na hatari kuliko wa kwanza. Pale inapowezekana, kukarabati vali ya asili badala ya kuiondoa humwepusha na chaguo zote mbili.

## Tazama pia

- Homa ya baridi yabisi
- Kondo la nyuma
- Vitamini K
- Kiharusi